Nati Iliyoliwa Kona: Kuipasua Bila Kuiua Bolti

Boksi namba 14 liliteleza mara ya tatu, likatoa ule mlio mkavu unaojulikana na kila aliyewahi kushika spana. Fundi hakujaribu mara ya nne. Alikuwa amesimama ndani ya shimo la gereji, Hiace yangu ikiwa juu ya kichwa chake. Alilichomoa boksi, akapitisha kidole gumba kuizunguka nati taratibu kama mtu anayepima ukali wa kisu, kisha akaniita nishuke nione.

"Gusa hapa, mwanangu. Hii si nati tena. Imeshakuwa punje ya tasbihi."

Niligusa. Kona sita zilizopaswa kuwepo zilikuwa zimebaki vivimbe tu. Upande mmoja kutu ilikuwa imebabuka kama ngozi ya mti, na upande mwingine chuma kilikuwa kinang'aa pale boksi lilipokwangua. Hatukuwa na haja ya nguvu zaidi. Boksi linashika nati kwa kona zake, na kona zikishaisha kila unachoongeza kwenye mpini kinakwenda kuimaliza nati, si kuifungua. Mtu anayeendelea kuvuta wakati huo anajitengenezea kazi ya kesho.

Nati yenyewe ilikuwa mahali pabaya. Pale bomba la ekzosi linapoungana na manifoldi, gari langu lina nati tatu, na kila moja imefungwa kwenye stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa ambayo upande wake mmoja umezama ndani ya manifoldi. Gasketi ya katikati ilikuwa imeungua na gari likawa linanguruma kama trekta. Kubadilisha gasketi ni kazi ndogo, lakini nati tatu lazima zitoke kwanza. Mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu iliharibiwa kwenye gereji ya kwanza niliyokwenda, ambako kijana aliilazimisha kwa boksi la inchi, namba 9/16, kwa sababu lile la 14 hakuliona. Ukilipima, 9/16 ya inchi ni milimita 14.3 hivi. Tofauti na 14 ni kama unene wa karatasi tatu, na kwenye nati mpya unaweza usiione kabisa. Kwenye nati iliyokwisha kuliwa na kutu, nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyomaliza kona.

Boksi lake lilikuwa pia la kona kumi na mbili. Boksi la namna hiyo linaingia haraka kwa sababu halihitaji kulengwa sana, lakini linaishika nati kwa ncha za kona peke yake. La kona sita linakumbatia na sehemu ya bapa, zile pande sita za nati, kwa hiyo hata kona zikianza kuchoka bado lina pa kushika. Kwa nati yenye kutu, anza na la kona sita. Ukianza na la kumi na mbili likateleza mara moja, la sita utakaloleta baadaye linakuta kazi imeshaharibika.

Kutu nayo ina ukorofi wake. Watu wengi wanadhani kutu inakula tu, kwamba chuma kinapungua basi. Kwa nje ni kweli, bapa zinapungua na boksi linapwaya. Lakini ndani ya meno, pale bolti na nati zinapokutana, kutu inavimba. Chuma kikigeuka kutu kinahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko chuma chenyewe kilivyohitaji, na kati ya meno ya bolti na meno ya nati hakuna nafasi ya kuvimbia. Kwa hiyo inajibana humo kama mchele uliolowana ndani ya chupa. Nje nati imepungua na ndani imekaza. Kwenye ekzosi joto la kila siku linaharakisha mambo, na kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi inamalizia. Gari la Tanga au Mombasa lenye umri sawa na gari la Dodoma halina nati za hali moja huko chini.

Sasa ufanyeje? Fundi alikuwa na njia nne mbele yake na akazikataa tatu, na nadhani sababu zake zina faida kuliko njia zenyewe.

Ya kwanza ilikuwa nyundo na tindo: unaweka tindo kwenye bapa na kupiga mpaka nati ipasuke. Inafanya kazi, na mafundi wazee wameifanya miaka yote. Lakini manifoldi ni chuma cha kusubu, kile ambacho hakipindi, kinavunjika. Kila pigo la nyundo linapita kwenye nati, linaingia kwenye stadi, linaishia kwenye manifoldi. Ukipasua nati ukapasua na sikio la manifoldi, umepoteza. Ya pili ilikuwa grenda. Kwanza jiwe halikuwa na pa kuingia pale kati ya bomba na injini, na pili cheche zingeangukia mipira ya dizeli. Ya tatu ilikuwa moto wa gesi, nayo aliikataa kwa sababu hiyo hiyo ya mipira.

Iliyobaki ni kifaa kidogo alichokitoa ndani ya kitambaa chenye mafuta. Dukani wengine wanakiita splita ya nati. Yeye alikiita kipasua nati, na jina hilo linatosha.

Ukikiona mara ya kwanza unaweza kukidharau. Ni pete nene ya chuma kigumu yenye kimkono kifupi. Ndani ya kimkono hicho kuna patasi, kipande cha chuma kilichochongwa ncha kama kabari, na nyuma ya patasi kuna skrubu yenye kichwa cha kona sita. Unavisha pete kwenye nati kama unavyovisha pete kwenye kidole. Upande mmoja wa nati unaegemea ukingo wa ndani wa pete, ambao hapa unafanya kazi ya fuawe la mhunzi, na upande wa pili unakabiliana na patasi. Ukikaza skrubu kwa spana, patasi inasogea mbele na kuingia kwenye nyama ya nati. Hakuna pigo wala cheche, na nguvu yote inabaki ndani ya pete. Manifoldi haihisi chochote.

Nguvu hiyo si ndogo. Chukua skrubu yenye unene wa milimita 14 na spana yenye mpini wa sentimita 20. Mkono wa kawaida ukivuta kama unanyanyua ndoo ya maji iliyojaa, sema kilo 20 hadi 25, patasi inasukumwa kwa uzito unaozidi tani moja. Tani nzima imewekwa kwenye ncha nyembamba kama ukucha. Ndiyo maana nati inakubali, na ndiyo maana kosa dogo la kuweka patasi linageuka kuwa hasara.

Hapo penye kuweka patasi ndipo fundi alipotumia muda mwingi kuliko kukaza kwenyewe.

Kwanza alisugua meno ya stadi yaliyochomoza kwa brashi ya waya na kuyatia mafuta mepesi ya kulegeza kutu. Nilimuuliza ya nini mafuta wakati nati inakwenda kupasuliwa. Akasema nati ikishapasuka huwa haidondoki yenyewe. Mara nyingi bado itabidi izungushwe itoke, na itapita juu ya meno hayo hayo. Kama yana uchafu, itakwama njiani na kuyakwangua.

Halafu alichukua tupa ndogo akaikwangua nati upande mmoja mpaka chuma kikang'aa na bapa ikaonekana tena. Hili ni jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nati iliyoliwa kona haina bapa ya kweli, na patasi ukiiweka juu ya uvimbe inateleza pembeni, inaingia mshazari, na ncha yake inavunjika. Tena tabaka la kutu lenyewe ni laini. Patasi inaweza kuzama ndani yake ukadhani umeshaanza kukata, kumbe bado hujagusa chuma.

Baada ya hapo alitoa kipimo chake cha milimita akapima nati kutoka bapa hadi bapa. Ilipaswa kuwa 14. Ilikuwa 13.2.

Sasa fuatana naye kwenye hesabu, maana hii ndiyo roho ya kazi nzima. Stadi ile ina unene wa milimita 10. Magari ya Kijapani yana desturi yake: bolti ya milimita 10 mara nyingi inakuja na nati ya namba 14, ya 8 inakuja na namba 12, na ya 12 inakuja na namba 17. Toa 10 kwenye 13.2, inabaki 3.2. Gawa kwa mbili, kwa kuwa kuna ukuta pande zote mbili za bolti. Unapata milimita 1.6. Hiyo ndiyo nyama yote iliyopo kati ya patasi na meno ya stadi, pale katikati ya bapa. Ukisogea kwenye kona, hata ya nati mpya, ukuta unafika milimita 3. Kwa hiyo patasi inawekwa katikati ya bapa, kamwe si kwenye kona. Watu wanavutwa na kona kwa sababu imechomoza na inaonekana rahisi kushika, lakini hapo ndipo nati ilipo nene kupita pote.

Kisha akaitazama skrubu ya kipasua nati. Aliikaza mkononi mzunguko mmoja kamili, nje ya nati, akapima patasi imesogea kiasi gani. Milimita 1.5. Akachora alama ya chaki nyeupe kwenye kichwa cha skrubu. Kuanzia hapo alikuwa na saa ya kumwambia patasi iko wapi: kila robo mzunguko ni chini kidogo ya milimita 0.4. Robo nne zikitimia, ukuta umebakiwa na kama milimita 0.1 tu. Robo ya tano lazima itaingia kwenye meno ya stadi.

Nimekutana na watu wengi wanaomiliki kifaa hiki, na karibu wote wanakaza mpaka waone kimefika mwisho. Hapo ndipo stadi inapokufa. Kipasua nati hakipaswi kuikata nati mpaka ndani. Kinapaswa kuitia kabari. Patasi ikishaingia nusu au theluthi mbili ya ukuta, mabega yake yanauchanua ule mfereo, na chuma kilichobaki chini yake kinachanika chenyewe. Unayotafuta ni huo mchaniko. Ukiupata, nati imefunguka kama bangili na mbano wake juu ya meno umekwisha, ingawa patasi haijagusa bolti.

Fundi alitia grisi kwenye meno ya skrubu na kwenye kisigino cha patasi pale skrubu inapoisukumia. Bila grisi, sehemu kubwa ya jasho lako linaishia kwenye msuguano na skrubu inajila meno. Akairudisha patasi nyuma kabisa, akavisha pete, akaisukuma mpaka ikalala sawasawa. Bapa ya nyuma iliegemea ukingo wa pete na ncha ya patasi ikatazama katikati ya ile bapa aliyoisafisha, ikiwa imesimama sambamba na stadi. Alivaa miwani ya kukinga macho. Kwenye nati alitupia kitambaa kinene, akaacha dirisha dogo la kuchungulia. Nati na patasi zote zinaweza kurusha kipande, na kipande hicho hakitoi taarifa.

Alikaza kwa vidole mpaka ncha ikauma chuma. Hapo ndipo alama ya chaki ilipoanza kuhesabiwa.

Robo ya kwanza ilikwenda ngumu lakini bila ubishi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikilia kimkono cha pete kwa nguvu, na hili lina sababu. Ukizungusha skrubu, pete nzima inataka kuzunguka pamoja nayo. Haiwezi kuzunguka kwa sababu imevaa nati, kwa hiyo inainama upande mmoja, na patasi inainama pamoja nayo. Ukiona pete imeacha kulala sawa, simama, rudisha nyuma, panga upya. Ukiendelea hivyo hivyo, patasi inasukumwa mshazari, na chuma kile ni kigumu lakini hakivumilii kupindwa.

Robo ya pili ikawa nzito. Hakuongeza bomba kwenye mpini wa spana, na mashine ya upepo hakuitazama kabisa. Mashine ya upepo inapiga, na patasi imetengenezwa isukumwe taratibu. Tena ukiitumia, mkono wako haupati habari, na kazi hii yote inaongozwa na habari ya mkono. Baada ya robo ya pili alisubiri kidogo, akadondosha tone la mafuta kwenye mfereo.

Katikati ya robo ya tatu na ya nne ikasikika: ta! Sauti kali, fupi, kama kuni kavu inayokatika. Papo hapo spana ikawa nyepesi mkononi mwake. Aliacha kukaza mara moja. Hakuongeza hata nukta.

Alifunua kitambaa na kumulika tochi. Katikati ya bapa palikuwa na mfereo safi wa patasi, na kutoka chini ya mfereo ule ulishuka mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka uso wa juu wa nati hadi wa chini. Mstari huo ndio ushahidi. Kama umefika nusu tu, nati bado imejishika kwa chini, na inabidi urudi robo nyingine kwa uangalifu au usogeze pete ishuke kidogo. Kama spana imekuwa nyepesi lakini huoni mstari wowote, usifurahi. Huenda patasi ndiyo iliyovunjika, au pete imeanza kufunguka. Rudisha skrubu nyuma utazame ncha kabla ya kufanya kitu kingine. Na kama nati ni ya chuma laini, husikii mlio wowote. Utaona tu mfereo unapanuka polepole kama mdomo, na kwa nati ya namna hiyo hesabu ya chaki inakuwa ndiyo mlinzi wako wa pekee.

Alivua pete, akaibana nati kwa vaizi gripu, akaitikisa mbele na nyuma. Ilisogea. Alirudi nyuma kidogo, akatia mafuta, akaenda mbele tena, mpaka nati yote ikatoka mkononi mwake, nzima, na ufa mmoja ubavuni. Isingekubali, angegeuza pete na kupasua bapa ya upande wa pili, nusu mbili zikadondoka kila moja peke yake. Kwa nati kubwa au yenye kutu nzito, kupasua pande mbili ni jambo la kawaida, na ni bora hivyo kuliko kulazimisha nati yenye ufa mmoja izunguke huku makali ya ufa yakikwangua meno njia nzima.

Stadi tuliimulika pamoja. Kutu ilikuwepo, lakini meno yalikuwa yote. Hapakuwa na alama ya patasi. Hata hivyo alipitisha dai ya milimita 10 yenye hatua ya 1.25, ambayo ndiyo ya stadi ile, ili kuyasafisha. Anayechukua dai ya hatua ya 1.5, kwa sababu zote mbili zimeandikwa 10, anachonga meno mapya juu ya ya zamani na kuiharibu stadi ambayo ametoka kuiokoa. Kama patasi imeacha mkwaruzo kwenye jino moja au mawili, dai hiyo hiyo inaurekebisha. Ikiwa imekata ndani kiasi cha kuhisika kama mtaro ukipitisha ukucha, stadi hiyo ibadilishwe, maana itakatikia hapo hapo.

Kipimo cha mwisho ni rahisi: nati mpya lazima iingie kwa vidole vitupu mpaka chini. Yetu iliingia. Alipaka kidogo grisi ya shaba inayovumilia joto, akafunga gasketi na nati tatu mpya. Zile mbili zilizotoka salama hakuzirudisha, na naona alifanya sawa. Nati iliyokaa kwenye ekzosi miaka yote hiyo haina sababu ya kurudi pale.

Lakini kifaa hiki kina mipaka, na afadhali uijue kabla hujakinunua. Cha kwanza ni nafasi. Pete inahitaji pa kuingia pande zote za nati, na skrubu inahitaji pa kuzungushiwa. Nati iliyozama ndani ya shimo, kama nyingi za kwenye rimu za magurudumu, haiwezekani kabisa. Kwetu sisi ilibidi fundi ajaribu bapa tatu tofauti mpaka akapata ile ambayo mkia wa kifaa ungetazama nje badala ya kugonga injini. Nati yoyote ina bapa sita. Usikate tamaa kwa sababu ya ile ya kwanza.

Cha pili ni ugumu wa nati. Nati nyingi zina namba ndogo juu ya uso wake. Ikisomeka 8, kipasua nati kizuri kitaiweza. Ikisomeka 10 au 12, ni chuma kilichoimarishwa, na patasi ya kifaa cha mkono inaweza kubapa ncha kabla nati haijasikia. Nati za chuma kisichoshika kutu nazo zina tabia mbaya: zinazidi kuwa ngumu pale zinapokandamizwa, na badala ya kupasuka kwa mlio zinaburuzika na kung'ang'ania. Kwa nati kubwa, zile za madaraja ya chuma na mabomba ya viwandani, vipo vya aina hii vinavyosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo kama jeki. Hivyo ni vya kazi nyingine na bei nyingine.

Nati yenye kola, ile iliyopanuka chini kama sahani, inataka uangalifu wake. Pete inakaa juu ya kola, kwa hiyo ufa unashuka mpaka kwenye kola na kusimama. Nati inaonekana imepasuka lakini chini bado imejifunga. Pasua pande mbili, kisha jaribu kwa vaizi gripu. Mara nyingi kola inakubali kuzunguka kwa sababu meno ya juu yameshaachia.

Na tafadhali usikitumie kwenye kichwa cha bolti. Nimeona mtu akijaribu. Nati ina tundu katikati, ndiyo maana ukuta wake ni mwembamba na unapasuka. Kichwa cha bolti ni chuma kitupu toka upande mmoja hadi wa pili. Patasi itazama kidogo na kusimama, na kitakachopasuka ni kifaa.

Ncha ya patasi inachoka, kama kisu. Unaweza kuinoa kwenye jiwe, lakini ichovye kwenye maji kila baada ya mguso mfupi. Ukiona rangi ya buluu imetambaa kwenye ncha, joto limeshaondoa ugumu wake, na kuanzia hapo itabapa kwenye nati ya kwanza. Itazame pia pete. Kama mviringo wake umeanza kufunguka au kuna ufa kwenye shingo pale kimkono kinapoanza, iweke kando moja kwa moja, kwa kuwa imebeba tani na siku itakapoachia itaachia usoni.

Vinauzwa kwa ukubwa mbalimbali, na ukubwa unaofaa ni ule ambao nati inaingia bila kupwaya. Pete kubwa juu ya nati ndogo inainama, na umeshaona inainama inafanya nini. Kabla ya kwenda dukani, lala chini ya gari lako na brashi ya waya, pima nati zenye kutu unazoziogopa, uandike namba zake. Kwa magari mengi ya Kijapani utakuta ni 12, 14 na 17. Chukua nati moja ya zamani mfukoni, iingize kwenye pete mbele ya muuzaji, na uzungushe skrubu mpaka patasi iguse bapa. Ikigusa katikati, ikiwa imesimama wima, kinunue. Ikigusa pembeni, kirudishe kabatini uombe kingine.